Kabla Hujataja Bei, Geuza Soli

Kwenye meza za viatu vya mtumba pale Karume, Ilala, kazi kubwa hufanyika kabla mteja wa kwanza hajafika. Viatu huoshwa, hukaushwa, hujazwa makaratasi ili visimame, kisha hupakwa rangi na kung'arishwa. Kiatu kilichotoka kwenye robota kikiwa kimekunjamana na kupauka hupanda mezani kikiwa kinawaka. Huo si utapeli, ni kupanga biashara. Shida ni kwamba wateja wengi huupima ule mng'ao, halafu hubishania namba aliyoitaja muuzaji. Yeye kasema elfu sitini, wewe unasema thelathini, mnakutana arobaini na tano na kila mtu anaona kashinda. Lakini mmekutana katikati ya nini? Kama kiatu chenyewe kinastahili elfu kumi, umeumia. Na kama kinastahili hamsini, mwenzako anayeng'ang'ania kulipa nusu atakiacha kiatu kizuri akanunue kibovu meza ya pili.

Bei ya haki haitoki mdomoni mwa muuzaji, inatoka kwenye kiatu. Kimetengenezwa kwa kitu gani? Kimeunganishwa vipi? Na fundi atadai kiasi gani kabla hakijavaliwa? Ukishapata majibu hayo matatu, namba inakuja yenyewe. Tuchukue viatu vya kiume vya kamba, vile vya ofisini na kanisani, kwa sababu ndivyo ambavyo kizuri na kinachofanana nacho hukaa meza moja kwa bei zinazokaribiana.

Soli kwanza

Jicho hukimbilia juu, kwenye rangi na umbo. Wewe geuza kiatu, kwa sababu soli ndiyo inayoamua kama utakivaa miaka au wiki.

Soli ya mpira ni nzito kidogo mkononi, na ukiikunja inakataa, kisha inarudi mahali pake. Ikizeeka hukakamaa na kupasuka taratibu, lakini fundi anaweza kuishona, kuigundisha au kuichonga. Soli ya ngozi huonekana ya kifahari na mara nyingi ni dalili kwamba kiatu kilitengenezwa kwa uangalifu, ila haipatani na maji ya masika. Anayeinunua aweke akilini gharama ya kubandikiwa kipande chembamba cha mpira kwa chini.

Inayotia watu hasara ni soli ya tatu, ile nyepesi na laini iliyotengenezwa kwa poliurethani, plastiki iliyochanganywa na hewa hadi ikawa povu gumu. Ikiwa mpya ni nzuri sana: haichoshi mguu wala haitelezi ovyo. Lakini aina nyingi za plastiki hiyo huliwa na unyevu. Maji yaliyo hewani huingia polepole na kukatakata minyororo ya kikemikali inayoishikilia, na joto huharakisha kazi hiyo. Baada ya miaka kadhaa soli hulainika, hunata, kisha hupukutika kama keki iliyokauka. Haihitaji kuvaliwa ili iharibike. Kiatu kilichokaa kabatini Ulaya miaka mingi bila kuvaliwa, kikapita ghalani, kikasafiri kwenye kontena na kufika kwenye hewa nzito ya Dar es Salaam, kinaweza kuonekana kipya kabisa juu huku soli yake imeshakufa. Ndiyo maana unasikia mtu analalamika kwamba kiatu kizuri cha mtumba kilimwachia vipande njiani siku ya kwanza kukivaa. Hakulogwa. Alinunua umri bila kujua.

Kuna namna rahisi ya kuikagua. Tafuta sehemu ya soli isiyogusa ardhi, pale kati ya kisigino na unyayo, kwa kuwa haijachakazwa na kutembea. Bonyeza kwa kucha ya kidole gumba. Soli nzima itabonyea na kurudi. Iliyochoka itabaki na alama, au itanata kidogo, au itaacha chembechembe kwenye kucha. Kisha kunja kiatu pale vidole vinapokunjikia na uangalie pembeni mwa soli. Ukiona mipasuko midogo mingi iliyosambaa, rudisha kiatu mezani kwa adabu. Soli ya namna hiyo haigundishiki, maana gundi itashika chembe za juu na chembe zenyewe zitabanduka. Haishoneki pia, kwa sababu uzi utaikata. Dawa yake ni kuitoa yote na kupiga soli nyingine, na hiyo ni gharama ya kuhesabiwa kabla hujataja bei.

Ule uzi unaouona ni uzi kweli?

Viatu vingi vya siku hizi vimeunganishwa kwa gundi, na gundi nzuri ya kiwandani si aibu. Lakini kiatu ambacho soli yake imeshonwa kina thamani ya ziada, kwa sababu kushona kunakifanya kitengenezeke tena na tena. Watengenezaji wanalijua hilo, kwa hiyo wengine huchora mshono kwenye plastiki. Ukiangalia ukingo wa juu wa soli, ule unaozunguka kiatu, utaona safu nzuri ya vitone vinavyofanana na uzi, kumbe ni umbo lililotokana na kalibu.

Tofauti huonekana ukisogeza kiatu karibu na macho. Uzi wa kweli huzama kwenye tundu na kutokea tundu linalofuata. Una nyuzinyuzi, unashika vumbi, na ukipitisha kucha unahisi kila mshono peke yake. Wa bandia ni laini, una rangi moja na plastiki yake, na haupiti kokote. Tafuta pia upande wa pili wa mshono. Katika namna moja ya kushona, uzi unaonekana kwenye ukingo wa juu na unatokea chini ya soli, mara nyingi ndani ya mfereji mdogo. Katika namna nyingine hupita moja kwa moja hadi ndani ya kiatu, na ukiinua pedi ya kukanyagia utaukuta. Mshono usio na upande wa pili ni mapambo, na mapambo hayaongezi bei.

Kuna mshono wa tatu, ule ambao fundi wa hapa hapa huuongeza ubavuni mwa soli ya mpira iliyogundishwa. Huo ni wa kweli na una faida. Ukikuta umeshapigwa, na nyuzi zake zimekaza na kulingana, gharama hiyo imeshalipwa na muuzaji, na ana haki ya kuirudisha kwenye bei yake.

Ngozi husema ukweli kwenye ukingo

Sasa panda juu. Hapa ndipo muuzaji atawasha kiberiti cha gesi, apitishe moto kwenye kiatu na kukuambia, "Unaona bosi, haiungui, ngozi hii!" Onyesho hilo linapendeza lakini halithibitishi kitu. Moto uliopita haraka hauunguzi ngozi halisi, na hauunguzi pia plastiki nyingi nzuri. Harufu nayo hudanganya, maana kiwi peke yake inatosha kukifanya kiatu chochote kinukie kama cha ngozi. Hata tone la maji halitoshi, kwani ngozi iliyopakwa dawa vizuri huyazuia maji sawasawa na plastiki.

Mahali pasipodanganya ni penye ukingo uliokatwa. Vuta ulimi wa kiatu, chungulia pembezoni mwake, au angalia kwenye matundu ya kamba kwa upande wa ndani. Ngozi halisi ikikatwa huonyesha nyuzinyuzi zilizosokotana kutoka juu hadi chini, bila mpaka. Ngozi bandia huonyesha matabaka mawili, utando mwembamba wa plastiki juu na kitambaa chini. Kisha kunja sehemu ya vidole. Ngozi hutoa mikunjo midogo mingi isiyolingana, ambayo hutulia ukiachia. Bandia hutoa mikunjo michache mikali, na ikizeeka hubambuka vipande vipande hapo hapo. Ikishaanza kubambuka hakuna fundi wa kuirudisha.

Kati ya hizo mbili kuna ngozi ambayo ni halisi lakini imefunikwa. Wakati wa kuchakata, ngozi nene hupasuliwa matabaka. La juu ndilo lenye vinyweleo na nguvu nyingi. La chini ni dhaifu zaidi, na mara nyingi huvishwa utando wa plastiki ili lifanane na la juu. Muuzaji akisema "hii ni ngozi" hajadanganya, ila si ngozi ya bei moja. Ukitazama kwa karibu, ya juu ina vijitundu visivyopangika, hapa vimesongamana, pale vimetawanyika. Iliyovishwa utando ina alama zinazojirudia kwa mpangilio uleule, kiatu cha kulia na cha kushoto.

Kwa viatu vilivyotoka Ulaya kuna msaada ambao wateja wengi hawautumii. Tangu sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1994, viatu vinavyouzwa huko hutakiwa kuwa na alama ndogo zinazotaja malighafi ya sehemu tatu: ya juu, bitana pamoja na pedi ya ndani, na soli. Umbo linalofanana na ngozi nzima ya mnyama iliyotandazwa ni ngozi. Umbo hilohilo likiwa na almasi ndani yake ni ngozi iliyovishwa utando. Wavu uliofumwa ni kitambaa, na almasi peke yake ni malighafi nyingine yoyote, plastiki na mpira zikiwemo. Alama huhesabu kile kinachochukua angalau asilimia 80 ya sehemu husika. Wakati mwingine ilikuwa stika na imeshabanduka, lakini mara nyingi huwa imepigwa chini ya soli au kwenye bitana. Ukikuta ngozi juu na ngozi ndani, unashika kiatu ambacho kiwanda chake hakikubana matumizi.

Nini kiko chini ya rangi

Umaliziaji una sura mbili, wa kiwandani na wa mezani. Wa kiwandani ni ule wa mishono inayokwenda sambamba kwa hatua sawa, gundi isiyovuja pembeni, na bitana isiyo na viputo. Huo unaongeza thamani, kwa sababu anayejali vitu vidogo kwa kawaida hajakosea vikubwa. Wa mezani ni rangi na kiwi ya asubuhi ile. Huo haukudai kitu, ila ujue unaficha nini.

Lowanisha kidogo karatasi laini nyeupe na uifute sehemu iliyojificha, karibu na soli. Kiwi itaacha doa kidogo. Ikitoka rangi nzito, kiatu kimepakwa upya, na swali ni kwa nini. Mara nyingi jibu liko pale vidole vinapokunjikia. Ngozi iliyokauka miaka mingi bila mafuta hupasuka, na rangi hujaza ile mipasuko ikaonekana mikunjo ya kawaida. Mkunjo ni wa juu juu. Mpasuko una kina, na ukikunja kiatu unafunguka na kuonyesha rangi tofauti ndani. Mkunjo haupunguzi bei. Mpasuko unaipunguza sana, kwa kuwa hauzibiki.

Mwisho ingiza mkono ndani. Pita kwenye kisigino, ambako bitana hutoboka kwanza. Bana ile sehemu ngumu ya nyuma inayoshika kisigino. Ikiwa imelala kama kandambili, mwenye kiatu alikuwa anakikanyaga kwa nyuma, na hakitakushika mguu. Weka vyote viwili juu ya ubao ulio sawa uone kama vinayumba, na uvilinganishe namba na rangi, kwani kwenye robota jozi hupotezana.

Hesabu yenyewe

Tuseme umesimama mbele ya jozi mbili. Namba hizi ni za mfano, maana msimu, mtaa na siku ya kufungua mzigo hubadilisha bei, ila njia ya kuhesabu ni hiyohiyo. Jozi ya kwanza ni ya kahawia, imefifia kidogo, muuzaji anataka elfu sitini. Ya pili ni nyeusi, haina hata alama ya kuvaliwa, anataka elfu arobaini na tano.

Kabla hujagusa chochote, umeshapita meza mbili tatu na kuuliza bei ya jozi nzuri ya ngozi isiyo na kasoro, ukaona wanaishia kama elfu hamsini. Hiyo ndiyo ngazi yako. Usianzie kwenye ile sitini, kwa sababu hiyo ni bei ya kuanzia, na muuzaji mwenyewe hategemei kuipata kwa kila mtu.

Ya kahawia: ukingo wa ulimi una nyuzinyuzi, alama ya ndani inaonyesha ngozi juu na bitana ya ngozi, mikunjo ni ya kawaida, haina mpasuko. Soli ni mpira uliogundishwa, hai, ila imeanza kuachia mbele kwa upana wa vidole viwili, na visigino vimelika upande wa nje. Fundi jirani, ukimwuliza, anadai elfu sita kushona soli zote mbili na elfu tano kuweka visigino. Toa elfu kumi na moja kwenye hamsini, inabaki thelathini na tisa. Toa kidogo tena kwa sababu ya soli iliyotumika, utafika kama thelathini na sita. Hiyo ndiyo bei ya haki ya kiatu hicho siku hiyo. Ukikipata kwa thelathini na tatu umebahatika, na ukifika thelathini na nane hujaibiwa.

Ya nyeusi: juu ni ngozi iliyovishwa utando, imara bado. Soli ni nyepesi, na kucha imeacha alama isiyorudi. Kupiga soli mpya fundi anadai elfu ishirini na tano. Jozi ya ngozi ya namna hii ikiwa nzima, meza za jirani wanaiuza kama elfu thelathini na tano. Toa ishirini na tano, inabaki elfu kumi. Hapo unaelewa kwa nini kiatu kinachoonekana kipya kinastahili chini ya theluthi moja ya kile kilichofifia. Muuzaji hatakubali elfu kumi, na hana sababu ya kukubali, kwa kuwa atakuja mteja asiyegeuza soli. Usibishane naye. Kiache.

Kusema kasoro bila kutukana mali

Katika mapatano, kutaja bei ni ahadi. Ukisema elfu thelathini na mwenzako akajibu "haya, leta," kisha ukaanza kutafuta kasoro, umemkosea, na kwenye soko la asubuhi anaweza kuona umemwekea mkosi. Kwa hiyo ukaguzi wote uishe kwanza, ndipo mdomo ufunguke.

Na ukifunguka, utaje gharama, usikandie mali. "Viatu vyako vibovu" humfunga mtu. Muuzaji amenunua robota bila kuchagua kila jozi, na jozi nzuri ndizo zinazolipia zile zilizotoka mbaya. Ukimkandia nzuri, anaona unataka kumla. Mazungumzo yanayokwenda ni kama haya:

"Kaka, kiatu nimekipenda, ngozi ni nzuri. Ila hapa mbele pameachia, na visigino vinataka fundi. Elfu kumi na moja hiyo. Nikupe thelathini na mbili."

"Haitoki, bosi wangu. Mzigo wa juzi huu, angalia ndani, ngozi tupu. Lete hamsini tufunge biashara."

"Ndani nimeona, ndiyo maana sijaondoka. Thelathini na tano, nikitoka hapa naenda moja kwa moja kwa fundi."

"Ongeza hata kidogo basi, nipate nauli."

"Thelathini na saba, kaka. Hapo nimefika."

Angalia kwamba mteja hakukana ubora wa ngozi hata mara moja. Amekubali kilicho kizuri, akataja kinachodai fedha, na kila namba yake ina sababu ambayo muuzaji anaweza kuiona kwa macho. Muuzaji naye akileta sababu, kwa mfano kwamba fundi wake mwenyewe atashona soli kwa elfu tatu, nawe sogea. Gharama ikipungua, bei ya haki inapanda.

Kuna kitu kimoja ambacho ukaguzi huu hauwezi kukupa, nacho ni umri kamili wa soli ya povu. Inaweza kufaulu mtihani wa kucha leo na kuanza kupukutika baada ya miezi michache, kwa sababu uharibifu huanza ndani. Ndiyo maana hata jozi yake iliyofaulu isilipiwe bei ya soli ya mpira. Kama ngozi ya juu ni nzuri kiasi cha kukufaa hata baada ya kupigwa soli mpya, ipunguze gharama hiyo tangu leo. Kama siyo, lipa kiasi ambacho hutakijutia kikikuachia njiani, na siku utakayokwenda nacho harusini, beba kandambili kwenye mkoba.